Mshuko wa gradienti kwa hesabu ya sukari: kwa nini unashuka, na lini unaruka nje ya bakuli

Maswali kuhusu mshuko wa gradienti, njia ya mashine kupunguza kosa lake hatua kwa hatua, ni yaleyale kila mara. "Mbona hasara yangu inapanda badala ya kushuka?" "Hii 0.01 mnaitoa wapi?" "Nimeongeza safu moja tu ya data, kila kitu kimeharibika, nimekosea nini?" Nimechoka kuyajibu vipande vipande, kwa sababu jibu la yote matatu ni moja na linaonekana vizuri ukikaa na kalamu kwa nusu saa. Kwa hiyo kaa. Tutatumia risiti mbili za sukari, basi. Usidharau udogo wake: kila kitu kinachokusumbua kwenye modeli kubwa kimo humu, na humu unaweza kukishika kwa mkono.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Python 3 ya aina yoyote, hata ile ya kwenye simu. Huhitaji maktaba ya kusakinisha. Kalamu, karatasi na kikokotoo. Kwa upande wa hisabati, inatosha kujua kwamba mteremko wa `5(w−3)²` ni `10(w−3)`. Kama hilo limekusahau, rudia kanuni ya kutafuta mteremko wa kipeo cha pili, kisha urudi hapa.

Maneno manne nitayatumia mpaka mwisho. Parameta ni namba tunayoitafuta. Hasara ni kipimo cha jinsi tulivyokosea. Gradienti ni mteremko wa hasara pale tuliposimama. Kiwango cha kujifunza, ambacho kwenye kodi huandikwa `lr`, ndicho kinachoamua tupige hatua ndefu kiasi gani.

Hatua ya 1: Chora bakuli lako

Tuseme umenunua sukari dukani kwa Mangi mara mbili. Kilo 1 ulilipa shilingi elfu 3, kilo 3 ukalipa elfu 9. Bei ya kilo unaijua tayari, ni elfu 3, na ndiyo maana nimeichagua: tukiwa na jibu mkononi tutaona wazi jinsi mashine inavyolikaribia au inavyolikimbia.

Mashine haijui bei. Inaiita `w` na inaanza kwa kubahatisha. Kosa kwenye risiti ya kwanza ni `w − 3`, kwenye ya pili ni `3w − 9`. Zidisha kila kosa kwa lenyewe, jumlisha, gawa kwa 2, utapata hasara:

```
L(w) = 5(w − 3)²
```

Ichore kwenye karatasi. Ni umbo la bakuli, na kitako chake kiko pale `w` inapokuwa 3. Hasara ya jumla ya makosa ya mraba kwa mstari ulionyooka huwa bakuli siku zote. Haina mashimo ya pembeni ya kunasa ndani yake, kwa hiyo ukishindwa kufika kitakoni, usiisingizie sura ya hasara. Tatizo liko kwenye hatua zako.

Hatua ya 2: Piga hatua moja kwa kalamu

Anza na `w = 0`. Hasara ni 45. Mteremko ni `10 × (0 − 3)`, yaani −30. Alama ya kutoa inakwambia kwamba ukiiongeza `w`, hasara itashuka. Kanuni nzima ni hii:

```
w_mpya = w − lr × mteremko
```

Tunatoa mteremko kwa sababu wenyewe unaelekeza kwenye mpando, nasi tunataka kwenda kinyume chake. Augustin-Louis Cauchy aliiandika njia hii mjini Paris mwaka 1847, akiwa na hesabu za mizunguko ya sayari akilini, na kanuni haijabadilika tangu hapo.

Sasa sikiliza sehemu inayosahaulika. Mteremko unakuahidi kitu: ukipiga hatua, hasara itapungua takriban `lr × mteremko²`. Tuijaribu ahadi hiyo.

Kwa `lr = 0.01` umeahidiwa punguzo la 9. Piga hatua: `w` inakuwa 0.3, hasara inakuwa 36.45. Imepungua kwa 8.55. Ahadi imetimia karibu yote.

Kwa `lr = 0.05` umeahidiwa 45, yaani hasara yote iishe. `w` inakuwa 1.5 na hasara 11.25. Umepata 33.75. Umeshuka vizuri, ila ahadi imepunjwa.

Kwa `lr = 0.2` umeahidiwa punguzo la 180, wakati hasara yote ni 45 tu! `w` inaruka hadi 6, upande wa pili wa bakuli, na hasara inabaki 45 vilevile. Hujapata hata senti.

Hapo ndipo ilipo sababu ya mshuko wa gradienti kufanya kazi, na pia sababu ya kushindwa kwake. Mteremko unajua ardhi iliyo chini ya nyayo zako tu. Haujui kwamba mbele bakuli linapinda na kuanza kupanda. Ukipiga hatua fupi, kinachosemwa na mteremko ni kweli tupu na hasara haina budi kushuka. Ukipiga ndefu, unautegemea kwa habari za mahali ambapo haujafika.

Hatua ya 3: Iandike iwe kodi

```python
x = [1, 3]
y = [3, 9]
w = 0.0
lr = 0.05

for k in range(1, 11):
    makosa = [w*a - c for a, c in zip(x, y)]
    hasara = sum(m*m for m in makosa) / 2
    g = sum(2*m*a for m, a in zip(makosa, x)) / 2
    w = w - lr * g
    print(k, round(w, 4), round(hasara, 4))
```

Ile `/ 2` ni idadi ya risiti. Mstari wa kwanza utachapisha `w` ya 1.5 ikiwa na hasara ya 45, kwa sababu hasara imehesabiwa kabla ya kupiga hatua. Namba zako zikilingana na za kalamu, endelea. Zisipolingana, usiguse hatua inayofuata mpaka ujue kwa nini.

Angalizo: watu wengi husahau kugawa kwa idadi ya data. Kwa risiti mbili, mteremko unakuwa mara mbili tu na huenda usigundue. Kwa mistari 1,000 unakuwa mara 1,000, na `lr` iliyokuwa salama jana leo inalipuka.

Hatua ya 4: Badilisha `lr` na utazame `w`, usitazame hasara peke yake

Ita umbali kutoka kitakoni "pengo". Mwanzoni pengo ni −3. Kwenye bakuli letu kila hatua inalizidisha pengo kwa namba ileile, ambayo ni `1 − 10 × lr`. Ile 10 ni mpindo wa bakuli, yaani jinsi mteremko unavyobadilika unaposogea. Kizidisho hiki kimoja kinatabiri kila utakachokiona kwenye skrini. Jaribu moja baada ya nyingine.

`lr = 0.01`: kizidisho ni 0.9. Kila hatua inakula sehemu moja ya kumi ya pengo. Baada ya hatua 10 `w` iko kama 1.95 tu. Utafika, lakini utahitaji hatua 44 ili kubakiza asilimia 1 ya pengo la mwanzo.

`lr = 0.05`: kizidisho ni 0.5. Unaona 1.5, 2.25, 2.625, 2.8125. Pengo linakatwa nusu kila mara. Huu ni mwendo mzuri.

`lr = 0.1`: kizidisho ni sifuri. Hatua moja, uko kwenye 3. Moja kugawa kwa mpindo, umemaliza kazi.

`lr = 0.15`: kizidisho ni −0.5. Unaona 4.5, 2.25, 3.375, 2.8125. Unavuka kitako kila mara, ila pengo bado linakatwa nusu. Ukichora hasara peke yake huwezi kuitofautisha na ile ya 0.05, kwa sababu namba za hasara ni zilezile kabisa. Ndiyo maana nasema tazama `w`: anayevuka kitako kila hatua yuko karibu na ukingo na hajui.

`lr = 0.2`: kizidisho ni −1. Utaona 6, 0, 6, 0 mpaka uchoke.

`lr = 0.3`: kizidisho ni −2. Utaona 9, −9, 27, −45, 99. Kila ruko ni refu kuliko lililotangulia, maana kadiri unavyopanda ukuta wa bakuli ndivyo mteremko unavyokuwa mkali, nao unakurusha mbali zaidi.

Kwa hiyo mpaka ni 2 kugawa kwa mpindo. Hapa ni 0.2. Chini yake utafika, juu yake utatoka nje. Ile 0.01 unayoiona kwenye kila mfano haina uchawi wowote: imeshinda kwenye mabakuli ya watu wengine, na bakuli lako hailijui.

Hatua ya 5: Pima mpindo bila kukokotoa chochote kigumu

Mara nyingi hutaijua ile 10. Unaweza kuisoma kwenye matokeo yenyewe. Weka `lr` ndogo, piga hatua mbili, linganisha urefu wake.

Kwa `lr = 0.01`, `w` inatoka 0 kwenda 0.3, kisha 0.57. Hatua ya kwanza ina urefu wa 0.3, ya pili 0.27. Gawa ya pili kwa ya kwanza: 0.9. Hicho ndicho kizidisho chetu. Mpindo ni `(1 − 0.9) / 0.01`, yaani 10.

Hila hii ni sahihi kabisa kwa bakuli la parameta moja kama letu. Parameta zikizidi moja, inakupa mchanganyiko usioutaka. Hapo fanya hivi: anza na `lr` ndogo mno, piga hatua kumi, kisha iongeze mara tatu na uanze upya, mpaka hasara ianze kupanda. Kisha rudi nyuma ngazi moja.

Hatua ya 6: Ongeza parameta ya pili, uone bakuli likigeuka mtumbwi

Sasa Mangi anakutumia sukari kwa bodaboda, na nauli ni elfu 1 kila safari. Kilo 1 inakugharimu elfu 4, kilo 3 elfu 10. Tunatafuta bei `w` na nauli `b`. Majibu sahihi ni 3 na 1. Badilisha `y` iwe `[4, 10]`, weka `b = 0.0` mwanzoni, na ndani ya kitanzi andika hii badala ya mistari ya `makosa`, `g` na `w`:

```python
    makosa = [w*a + b - c for a, c in zip(x, y)]
    gw = sum(2*m*a for m, a in zip(makosa, x)) / 2
    gb = sum(2*m for m in makosa) / 2
    w = w - lr * gw
    b = b - lr * gb
```

Mstari wa `hasara` ubaki ulivyo, chini ya ule wa `makosa`, na kwenye `print` ongeza `b`.

Angalizo: hesabu `gw` na `gb` zote mbili kwanza, ndipo ubadilishe. Ukibadilisha `w` kisha ukakokotoa makosa upya ili kupata `gb`, hiyo ni njia nyingine kabisa, na mipaka ninayoitaja hapa haiihusu.

Weka `lr = 0.18`. Ilikuwa halali kwenye bakuli la kwanza, maana iko chini ya 0.2. Hasara inaanza 58, inakwenda karibu 70, na inazidi kupanda. Risiti ni mbili kama awali na kilo ni zilezile. Nauli moja tu imeongezeka na mpaka umeshuka hadi takriban 0.17. Hili ndilo jibu la yule aliyeongeza safu moja ya data kila kitu kikaharibika.

Sasa weka `lr = 0.1`, ile iliyomaliza kazi kwa hatua moja. Hatua ya kwanza inakupeleka `w = 3.4, b = 1.4`. Ya pili 2.84 na 1.16. Baada ya hatua tano uko `w = 2.928, b = 1.174`, na hasara kwenye hatua hiyo ni kama 0.006. Kwenye mchoro mstari wa hasara umelala chini kabisa, na wengi hufunga kompyuta hapo. Lakini nauli yako ina kosa la shilingi 174 katika kila elfu! Ili ifike 1.01 utahitaji hatua 80 na ushei nyingine.

Kilichotokea ni kwamba bakuli si la mviringo tena. Limekuwa na sura ya mtumbwi: kuta za pembeni ni kali, sakafu ni ndefu na karibu tambarare. Mpindo wa kukata ubavuni ni takriban 11.66, wa kufuata urefu ni takriban 0.34. Ukuta ndio unaoweka mpaka wa `lr`, kwa sababu ndio utakaokurusha nje. Sakafu ndiyo inayoamua utachelewa kiasi gani, kwa sababu hatua iliyo salama kwa ukuta ni fupi mno kwake: kizidisho cha sakafuni ni 0.966. `lr` ni moja tu nawe unataka iridhishe pande mbili zinazotofautiana mara 34. Hakuna thamani itakayoziridhisha zote. Hata ile bora kuliko zote, karibu 0.167, inakupa kizidisho cha 0.94.

Sababu ya sakafu kuwa tambarare inaeleweka hata bila hesabu. Ukipandisha nauli kidogo na kushusha bei ya kilo kidogo, jumla za risiti karibu hazibadiliki. Data yenyewe haisemi kwa sauti ni ipi kati ya hizo mbili, na mteremko nao unanong'ona.

Hatua ya 7: Rekebisha bakuli kabla ya kuhangaika na `lr`

Hapa ndipo ningependa kila anayeanza atumie muda wake. Wastani wa kilo ni 2. Utoe kwenye kila kilo: `x` inakuwa `[-1, 1]`. Usibadilishe kitu kingine chochote. Weka `lr = 0.5` na uanze tena kwenye sifuri.

Hatua moja: `w = 3, b = 7`. Umemaliza. Hatua zaidi ya 80 zimegeuka moja, kwa kutoa 2 tu.

Mtumbwi umekuwa bakuli la mviringo, lenye mpindo wa 2 kila upande, na moja kugawa kwa 2 ni 0.5. Ile 7 si kosa: sasa `b` ni gharama ya mzigo wa wastani, kilo 2. Ukitaka nauli, toa `2 × 3` kutoka kwenye 7, inabaki 1.

Si kila data itakaa mviringo kamili kama hii. Zenye safu nyingi toa wastani wa kila safu, kisha gawa kwa mchepuko sanifu wake. Mtumbwi utafupika, ingawa safu zinazofanana sana zitabakiza urefu fulani.

Angalizo: data mpya lazima ipite njia ileile. Kukadiria kilo 5, ingiza `5 − 2`, yaani 3: `3 × 3 + 7` ni elfu 16. Ukiingiza 5 yenyewe utapata elfu 22, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea kukushtua.

Mambo yakikataa

*Hasara inapanda na `w` inabadili upande kila hatua.* `lr` imevuka mpaka. Igawe kwa 3 na ujaribu tena.

*Hasara inapanda lakini `w` inakwenda upande mmoja tu.* Usiguse `lr`. Umeandika `+` badala ya `-`. Kwa mfano wetu wa kwanza na 0.05 utaona −1.5, −3.75, −7.125. Kupunguza `lr` hapa kunakufanya upotee polepole tu, na nimeona watu wakiishusha hadi 0.000001 wakidhani wameponya.

*Namba zinakuwa kubwa mno, kisha `inf` au `nan`.* Angalia vipimo vya data. Mimi mwenyewe nilipoteza jioni nzima kwa sababu faili niliyopewa ilikuwa na gramu, nami niliichukulia kuwa kilo. Sukari yetu ya risiti za kwanza ikiandikwa `[1000, 3000]`, mpindo unaruka kutoka 10 hadi 10,000,000, na mpaka wa `lr` unashuka hadi 0.0000002. Kwa 0.05 kila hatua inalizidisha pengo kwa karibu nusu milioni. Baada ya hatua 10 `w` ina tarakimu 55.

*Hasara imetulia lakini parameta bado zinatambaa.* Uko kwenye sakafu ya mtumbwi. Chapisha parameta kila baada ya hatua 10. Zikiwa zinasogea upande uleule kidogo kidogo, hujafika. Rudi kwenye hatua ya 7.

*Hasara inashuka vizuri, kisha inacheza juu na chini bila kutulia, na hailipuki.* Kama kila hatua unatumia kipande tu cha data, hali hiyo ni ya kawaida. Kila kipande kina kitako chake, na `lr` isiyobadilika inakuzungusha katikati ya vitako hivyo. Ipunguze kadiri unavyokaribia. Kama unatumia data yote kila hatua, basi uko mlangoni mwa mpaka, kama ile 6, 0, 6, 0.

*`lr` ilifanya kazi kwenye data ya mwenzako, kwako imekataa.* Mpindo unatokana na data, haupo kwenye kanuni. Pima wa kwako.